Kichwa kinauma, pete haitoki: dalili za kifafa cha mimba kwenye mimba kubwa

Mjamzito wa miezi saba na kuendelea akiamka kichwa kinamuuma, uso umejaa na pete haitoki kidoleni, kuna mambo mawili ya kujua siku hiyohiyo: presha yake ni ngapi, na mkojo wake una protini au hauna. Kuyajua hakuchukui hata nusu saa, na zahanati yoyote yenye mashine ya presha na vijiti vya mkojo inaweza kumpima. Kinachokula siku mbili tatu ni mazungumzo ya nyumbani. Mmoja anasema ni jua, mwingine anasema ni malaria, wa tatu anasema amezidisha chumvi, na mara nyingi yupo wa kusema kwa furaha kwamba mimba imemkubali ndiyo maana uso umenawiri. Sisi tunaopokea wajawazito tunayaandika haya kwa sababu wengi wanaofika wakiwa wamechelewa huwa walishaiona dalili, tena mapema. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia waende wakapime.

Tuanze na uvimbe, maana hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Miguu kuvimba jioni kwenye mimba kubwa ni jambo la kawaida. Tumbo la uzazi linabana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, na mwili wenyewe umebeba maji mengi kuliko siku zote. Mama akilala na miguu ikiwa imeinuliwa kidogo, asubuhi uvimbe huwa umepungua. Uvimbe wa kutuhangaisha ni ule anaoamka nao: kope nzito, uso umejaa hadi ndugu wanauona, vidole vinakaza akikunja ngumi, bangili iliyokuwa ikicheza mkononi sasa imebana. Tena huja haraka, ndani ya siku chache, na mizani huuona kabla ya macho. Katika miezi ya mwisho mjamzito huongezeka karibu nusu kilo kwa wiki. Akiongezeka kilo mbili kwa wiki moja, hayo ni maji.

Hata hivyo uvimbe peke yake hauthibitishi ugonjwa, na kukosa uvimbe hakumwachii mtu huru. Wako wanaopata kifafa cha mimba wakiwa na uso mkavu kabisa. Ndiyo maana siku hizi uvimbe hauhesabiwi kama kigezo cha kutambua pri-eklampsia, yaani ugonjwa huu kabla haujafika kwenye degedege. Kigezo ni presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki 20 za mimba, kwa mtu ambaye hakuwa na presha kabla, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba kiungo fulani kimeanza kuumia: ini, figo, ubongo, mapafu, au chembe za kugandisha damu. Kazi ya uvimbe ni kumfanya mtu ainuke aende kupima.

Ugonjwa wenyewe huanzia kwenye kondo la nyuma, miezi mingi kabla kichwa hakijauma. Mimba ikiwa changa, mishipa ya mama inayolisha kondo inatakiwa kupanuka iwe mipana na milegevu. Kwa baadhi ya wanawake haipanuki vya kutosha, hivyo kondo hupata damu kidogo, na mimba inavyokua ndivyo mahitaji yanavyozidi kile kinachofika. Kondo lenye njaa hiyo humwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoharibu utando wa ndani wa mishipa yake. Mishipa inasinyaa, presha inapanda. Utando unavuja, maji yanatoka kwenye damu na kujaa chini ya ngozi. Vichujio vya figo vinapitisha protini ambayo kwa kawaida haipiti. Kwenye ubongo matokeo yake ni maumivu ya kichwa na vimulimuli machoni, kisha degedege. Kwenye ini ni maumivu chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ya moyo, ambayo wengi huyaita kiungulia au vidonda vya tumbo.

Ukishaelewa hivyo utaona kwa nini dawa ya kukojoza haifai hapa. Mama anaonekana amejaa maji, na wapo wanaonunua dawa hiyo duka la dawa ili uso upungue. Lakini maji hayo yametoka ndani ya mishipa. Damu yenyewe imepungukiwa maji na imekuwa nzito. Ukimkojoza zaidi unapunguza damu inayofika kwenye figo na kwenye kondo, na mtoto ndiye wa kwanza kuumia. Dawa hiyo ina nafasi yake pale maji yanapojaa mapafuni, na hapo anayeamua ni daktari. Kuacha chumvi nako hakuuondoi ugonjwa huu.

Tuchukue mama mmoja wa miaka 22, mimba ya kwanza, wiki ya 34, tuufuate mkondo wake hatua kwa hatua. Kadi yake ya kliniki inaonyesha presha 104/62 wiki ya 12, 102/60 wiki ya 20, 110/68 wiki ya 26, na 128/82 wiki ya 30 akiwa na kilo 61. Ukitazama namba ya mwisho peke yake huoni tatizo, kwa sababu haijafika 140/90. Ukizisoma zote kwa mfululizo unaona kitu kingine: namba ya juu imepanda 24 na ya chini 20 tangu mwanzo, na nyingi ya hizo zimepanda ndani ya wiki nne. Huo bado si ugonjwa, lakini ni sababu tosha ya kumwambia arudi baada ya wiki moja, mimba ya kwanza zaidi. Yeye aliambiwa arudi baada ya wiki nne, kama kawaida.

Jumatatu usiku kichwa kinaanza kuuma kwenye paji la uso. Anameza panadoli mbili, maumivu yanapoa kidogo, usiku wa manane yanarudi. Jumanne anaona kama nyota ndogo zinapita mbele ya macho anapoinuka, anadhani ni njaa. Jumatano asubuhi macho yamevimba. Mama mkwe anamtazama anasema amenawiri, lakini wifi yake anaona kwamba hawezi kufunga kishikizo cha mkono wa gauni, anamshikilia waende zahanati.

Muuguzi anaanza na mkono. "Mama, pete hii mara ya mwisho ilitoka lini?"

"Wiki iliyopita nilikuwa naivua nikifua, dada. Sasa hata kwa sabuni haisogei."

Mizani inasoma kilo 67. Kilo sita ndani ya wiki nne, pale tulipotarajia mbili.

Kwenye kupima presha ndipo kosa dogo hugharimu sana. Amelazwa kitandani kwa ubavu wa kushoto, kwa kuwa kichwa kinamsumbua, na mkanda unafungwa mkono wa kulia ulio juu. Mashine inasoma 136/84. Mtu mwenye haraka angeandika hiyo na kumpa panadoli nyingine. Lakini mkono ulio juu ya usawa wa moyo husoma chini ya ukweli. Kila sentimita 10 za kwenda juu hupunguza karibu namba 8. Anainuliwa, anaketi kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, miguu haijapishana, kibofu kitupu. Anapumzika dakika tano bila kuzungumza. Mkono unalazwa mezani, katikati ya mkanda ikilingana na moyo, na mkanda unafungwa kwenye ngozi badala ya juu ya mkono wa gauni. Sasa inasoma 152/98. Baada ya dakika 15 inasoma 154/100.

Ukubwa wa mkanda nao uangaliwe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba juu ya ukweli, na mkanda mkubwa kupita kiasi huishusha. Kwa mama ambaye hana dalili yoyote, 152/98 ingerudiwa baada ya saa nne ili kuthibitisha. Huyu ana kichwa kisichosikia dawa na macho yanayoona vimulimuli, kwa hiyo hatusubiri saa nne.

Kisha mkojo. Anaelekezwa ajisafishe, aachie mkojo wa mwanzo uende, akinge wa katikati. Bila hivyo ute wa ukeni huingia na kijiti kinaonyesha protini ambayo haikutoka kwenye figo. Kijiti kinachovywa, kinakung'utwa pembeni mwa kikopo, na rangi ya protini inasomwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi sekunde 60. Ukisahau kijiti mezani ukakisoma baada ya dakika tano, rangi itakuwa imeshakolea na utaandika kisichokuwepo. Kopo linaloachwa wazi kwenye chumba chenye unyevu huharibu vijiti kabla ya tarehe yake, jambo ambalo sisi wa pwani tunalijua vizuri. Cha huyu mama kinasoma plasi mbili. Kingesoma safi, tusingemrudisha nyumbani, kwa sababu presha yake na kichwa chake vinatosha kumpeleka mbele.

Zinabaki chache za kumuuliza. Je, kichwa kiliwahi kuuma hivi kabla ya mimba? Mwenye kipandauso cha miaka mingi huyajua maumivu yake, naye atakwambia kama haya ni mengine. Je, anatapika? Kutapika kunakoanza upya kwenye mimba kubwa si kichefuchefu cha mimba changa. Je, anasikia maumivu chini ya mbavu, anakosa pumzi akilala chali, mkojo umepungua, mtoto anacheza kama jana? Huyu anasema mtoto anacheza, ila kidogo.

Malaria inapimwa, na ikionekana inatibiwa. Kinachotutia hofu ni pale kipimo cha malaria kinapokuwa ndicho kipimo pekee. Katika nchi zetu mtu mwenye kichwa kuuma huchomwa kidole kwanza, majibu yakiwa na malaria kila mtu anaridhika na mashine ya presha haiguswi. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Vilevile, mjamzito aliyevuka wiki 20 akipata degedege, achukuliwe kuwa ana kifafa cha mimba na atibiwe hivyo tangu mwanzo, huku malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo zikitafutwa. Kumpeleka kwanza kwa mganga atolewe majini ni kumnyima dawa yenyewe saa ambayo ingemsaidia zaidi.

Dawa yenyewe ni magnesiamu salfeti. Haishushi presha kwa maana ya kuitegemea kwa kazi hiyo. Inazuia degedege. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 wenye pri-eklampsia katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Mama yetu ana pri-eklampsia yenye dalili kali, hivyo dozi ya kwanza anapewa palepale zahanati kabla ya safari, kwa sababu degedege haingoji mtu afike hospitali.

Kwa wahudumu wenzetu, dozi ni hii. Gramu 4 kwenye mshipa: mililita 8 za dawa ya asilimia 50 zichanganywe na mililita 12 za maji ya sindano, zipate kuwa mililita 20 za asilimia 20, zisukumwe taratibu, si chini ya dakika 5. Halafu gramu 10 kwenye misuli: gramu 5, yaani mililita 10 za asilimia 50, ndani kabisa ya kila tako, na mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2 kwenye kila bomba maana inauma sana. Mwambie mama mapema kwamba atasikia joto linapanda mwilini, asije akadhani anakufa. Soma lebo ya kichupa kila mara, kwa kuwa vichupa vinatofautiana ujazo na nguvu, na hapo ndipo dozi hukosewa.

Dozi za kuendeleza ni gramu 5 kwenye tako moja kila saa nne, kwa kubadilisha upande, hadi saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lolote litakalochelewa. Kabla ya kila dozi hakikisha mambo matatu: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo umetoka angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi isubiri. Dawa hii hutolewa na figo, na figo za mama huyu ndizo zinazoumwa, kwa hiyo hujilimbikiza. Goti huacha kuruka kabla pumzi haijakata, na hilo ndilo onyo lako. Kalsiamu glukoneti gramu 1 ikae kando ya kitanda, ichomwe polepole kwenye mshipa pumzi ikipungua.

Nyumbani, mtu akianza kutikisika kabla msaada haujafika, mlazeni kwa ubavu wa kushoto, ondoeni vitu vya kumuumiza, acheni mdomo wake. Kijiko kati ya meno huvunja meno na kuziba njia ya hewa. Asipewe maji wala dawa ya kumeza. Tazameni saa, mjue limeanza lini na limeisha lini. Tanzania kuna mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, namba 115, usio na malipo. Kwingine ni bodaboda au gari la jirani, basi mtu mmoja akae naye nyuma akimshika kwa ubavu.

Tumrudie mama yetu. Anafika hospitali ya wilaya jioni, presha 164/112. Kiwango cha 160/110 kinaweza kupasua mshipa kwenye ubongo, kwa hiyo sasa presha yenyewe inashushwa: nifedipini miligramu 10, anaimeza, haiwekwi chini ya ulimi, kisha anapimwa tena baada ya dakika 20 hadi 30 kuona kama anahitaji nyingine. Lengo ni kushuka chini ya 160/110 kwa utaratibu. Hatukimbilii 110/70, kwa kuwa kondo limezoea msukumo mkubwa, na ukiukata ghafla mapigo ya mtoto huporomoka. Damu inachukuliwa kuangalia chembe za kugandisha, vimeng'enya vya ini na kreatinini. Chembe zikiwa chini ya 100,000, hata sindano ya mgongoni kwa ajili ya upasuaji inabidi ifikiriwe upya.

Ugonjwa huu huanza kutoka mwilini pale kondo linapotoka. Dawa zote hizi zinatununulia muda tu. Mama mwenye dalili kali aliyefikisha wiki 34 anazalishwa akishatulizwa. Asiye na dalili kali anafuatiliwa kwa karibu na kuzalishwa wiki ya 37. Chini ya wiki 34 madaktari hujaribu kuvuta muda wakiwa na mama wodini, na mtoto hupewa nafasi kwa sindano za deksamethasoni zinazokomaza mapafu, miligramu 6 kila saa 12, mara nne. Upasuaji si lazima. Huyu anaanzishiwa uchungu na kujifungua kwa njia ya kawaida. Mtoto ana kilo 1.9, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Sindano ya kuzuia damu inakuwa oksitosini. Ergometrini haitumiki hapa kwa sababu inakaza mishipa na kupandisha presha.

Familia nyingi hapa hupumua, na hapa ndipo tunapowaomba wasilegee. Presha ya mama aliyekuwa na ugonjwa huu huweza kupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, wakati wengi wameshafika nyumbani na wanakandwa kwa maji ya moto. Kifafa cha baada ya kujifungua hutokea zaidi ndani ya saa 48 za kwanza, lakini kinaweza kuja hata wiki kadhaa baadaye. Mama yetu anaruhusiwa akiwa na nifedipini na tarehe za kurudi kupimwa. Kichwa kikimuuma katika wiki sita za kwanza baada ya kujifungua aende kituoni siku hiyohiyo, na akifika atamke mwenyewe kwamba alikuwa na presha ya mimba, kwa maana anayempokea huenda akamwona ni mzazi tu aliyekosa usingizi. Wiki ya sita presha na mkojo vipimwe tena. Vikiwa bado havijatulia, ana tatizo la presha au la figo linalohitaji daktari.

Akija kushika mimba nyingine, asingoje tumbo lionekane ndipo aanze kliniki. Aliyewahi kupata pri-eklampsia, mwenye presha ya kudumu, kisukari, ugonjwa wa figo au mimba ya mapacha hupewa aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kwa siku, kuanzia wiki ya 12 na ikiwezekana kabla ya wiki ya 16, kwa sababu kondo linajipandikiza kipindi hicho. Hiyo ataandikiwa kliniki. Asijinunulie, na asiichanganye na diklofenaki au ibuprofeni, ambazo kwenye mimba kubwa huumiza figo za mama na za mtoto. Penye lishe yenye kalsiamu kidogo huongezewa gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku, zikigawanywa mara tatu na kumezwa mbali na vidonge vya madini ya chuma, vipishane kama saa mbili. Na kadi ile ya mimba ya kwanza aje nayo, yenye 104/62 ya wiki ya 12.